Zahanati imechelewa na bei zimepanda: namna ya kumwandikia mfadhili wa ng'ambo

Taarifa ya mradi unaokwenda sawa hujiandika yenyewe. Mwongozo huu ni wa ile nyingine: tarehe ya kumaliza imepita, fedha zilizobaki hazitoshi, na kamati ya ujenzi imekaa ofisini kwa mchungaji ikijiuliza iseme nini na inyamazie nini. Nitautembeza kwa mfano mmoja. Usharika huu ni wa kutungwa na namba zake ni za mfano, lakini mambo yanayoukuta ndiyo yanayozikuta kamati nyingi za huku kusini.

Usharika uko juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Waumini wamepandisha boma la zahanati kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta. Usharika rafiki wa Ujerumani ukakubali kutoa yuro 15,000 za kupaua na kumalizia. Bajeti ilipigwa kwa yuro moja shilingi 2,600, yaani shilingi 39,000,000. Kazi ilianza Juni na ilitakiwa kuisha mwisho wa Oktoba. Sasa ni Januari. Jengo limepauliwa, halijakamilika, na mfadhili anasubiri taarifa.

Kabla ya taarifa, barua fupi

Mfadhili asisome habari ya kuchelewa kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa nne wa taarifa. Siku kamati inapojua kwamba tarehe haitafikiwa, mwenyekiti aandike barua ya aya mbili: tarehe haitafikiwa kwa sababu hii, na taarifa kamili itakuja siku fulani. Basi. Usiahidi tarehe mpya katika barua hiyo, kwa kuwa bado hamjapiga hesabu.

Wakati huohuo toeni mkataba kabatini muusome. Mikataba mingi ya ufadhili inasema kasma ikizidi bajeti kwa kiwango fulani, mara nyingi asilimia 10, lazima mpate kibali cha maandishi kabla ya kutumia. Kama mmeshavuka kiwango hicho bila kibali, taarifa ndiyo mahali pa kulisema jambo hilo wazi. Mkaguzi wa mfadhili ataliona tu, na akiliona yeye kwanza, mazungumzo yatakuwa ya namna nyingine.

Pimeni kazi, msipime fedha

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote ni sentensi hii: "Mradi umefikia asilimia 70." Ukiuliza asilimia 70 ya nini, unaambiwa fedha zilizotumika ni shilingi 27,400,000 kati ya 39,000,000. Hiyo ni asilimia 70 ya fedha, na haisemi lolote kuhusu jengo. Bei zikipanda, fedha hukimbia na jengo hubaki nyuma.

Fanyeni hivi. Mchukueni fundi mkuu na nakala ya bajeti, mzunguke jengo pamoja, kasma kwa kasma. Kila kazi iliyokwisha iandikeni kwa thamani iliyopewa kwenye bajeti ya mwanzo, hata kama iligharimu zaidi. Kazi iliyofika nusu iandikeni nusu. Vifaa vilivyo stoo ambavyo havijafungwa wala kujengwa visihesabiwe kama kazi. Viwekeni kwenye orodha yao ya pembeni, pamoja na tarehe ya kununuliwa. Hili lina maana hasa kwa saruji. Saruji haisumbui sana kuipata huku tangu kiwanda cha Dangote kianze pale Mtwara mwaka 2015, kwa hiyo hakuna haja ya kuirundika, na mifuko inayolala miezi kadhaa kwenye chumba chenye unyevu huganda pembeni na kupoteza nguvu. Mfadhili mwenye uzoefu akiona mifuko 60 stoo na plasta haijaanza, atauliza.

Kwa usharika wetu wa mfano, mzunguko huo ulitoa jibu hili: kazi iliyokwisha, kwa bei za bajeti, ni ya shilingi 25,200,000, sawa na asilimia 65. Fedha iliyotumika ni 27,400,000. Kazi ya milioni 25.2 imegharimu milioni 27.4, na ziada ni shilingi 2,200,000. Hiyo 2,200,000 ndiyo itakayoelezwa, na ni nyepesi kuieleza kuliko maneno "gharama zimepanda" yasiyo na mwisho wala mwanzo.

Ziada moja ina mizizi miwili

"Bei zimepanda" ni jibu ambalo wafadhili wamelisikia mpaka masikio yamechoka. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi ni nusu ya ukweli. Kasma huzidi kwa sababu bei ya kitu imepanda, au kwa sababu mmenunua vingi kuliko mlivyopanga, au yote mawili. Ya kwanza ni ya soko. Ya pili ni uamuzi wa mtu, na mfadhili ana haki ya kujua ni uamuzi wa nani.

Tuchukue bati. Bajeti ilisema bati 180 za geji 28 kwa shilingi 32,000 kila moja, jumla 5,760,000. Stakabadhi zinaonyesha zimenunuliwa bati 196 kwa shilingi 38,000, jumla 7,448,000. Ziada ni 1,688,000. Sasa igaweni.

Bei imepanda kwa shilingi 6,000 kwa kila bati. Zidisheni kwa bati 180 zilizopangwa: 1,080,000. Hiyo ndiyo sehemu ya soko. Kisha bati 16 za nyongeza, kila moja kwa bei mpya ya 38,000: 608,000. Hiyo ni sehemu ya uamuzi. Mkijumlisha mnapata 1,688,000 ileile, na hesabu ikifunga hivyo mjue hamjaacha kitu njiani.

Bati 16 zilikwenda wapi? Wataalamu wa afya wa halmashauri walipokuja kuliangalia jengo walishauri wagonjwa wapate baraza lenye kivuli, badala ya kungojea ndani ya korido moja na wanaopimwa. Kamati ikakubali. Ni uamuzi mzuri, lakini ulifanywa bila kumwuliza mfadhili. Kwenye taarifa uandikwe hivi:

"Kasma ya bati imezidi kwa shilingi 1,688,000. Kati ya hizo, 1,080,000 zimetokana na bei ya bati kupanda kutoka shilingi 32,000 hadi 38,000 kati ya siku ya kupiga bajeti na siku ya kununua. Nukuu za bei za tarehe zote mbili zimeambatishwa. Shilingi 608,000 zimetokana na kuongeza baraza la kusubiria, kwa ushauri wa wataalamu wa halmashauri. Kamati ilipitisha nyongeza hiyo kabla ya kuomba kibali chenu, kinyume cha kifungu cha mkataba kuhusu mabadiliko ya mchoro. Tunaomba mlipokee suala hili sasa. Nyongeza nyingine yoyote ya mchoro itasubiri jibu lenu."

Angalieni kwamba aya hiyo haina "kwa bahati mbaya" wala "kutokana na changamoto mbalimbali". Neno changamoto liacheni kwenye hotuba. Kwenye taarifa andikeni kitu chenyewe: bati, lori, maji, akidi.

Ziada iliyobaki, shilingi 512,000, ni ya usafirishaji wa bati na mbao. Hapo hakuna la kugawa: iandikeni kwa sentensi moja na muambatishe stakabadhi za lori.

Kuchelewa nako kugawanywe

Kuchelewa kunapimwa kwa wiki, na kila wiki ina mwenyewe. Chukueni daftari la fundi, muhtasari wa vikao vya kamati na tarehe za stakabadhi, mviweke mezani pamoja. Kumbukumbu za vichwani hazitoshi. Kila mtu hukumbuka ucheleweshaji wa mwenzake.

Tarehe mpya ya kumaliza jengo letu la mfano ni katikati ya Machi, yaani wiki 20 nyuma ya ratiba. Zimegawanyika hivi.

Wiki 5 ni za bati kusubiri Dar es Salaam. Kamati ilichagua lori la mzigo wa kuchangia kwa sababu ni nafuu, na lori la namna hiyo haliondoki mpaka lijae. Semeni hivyohivyo, pamoja na kiasi kilichookolewa kwa kusubiri. Msiisingizie barabara kama barabara ilikuwa inapitika. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya na mafuriko yake yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na kila mradi uliokuwa na mzigo njiani wakati ule ulikuwa na sababu halali. Lakini sababu ya namna hiyo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mfadhili anaweza kuzitafuta zote mbili akiwa mezani kwake.

Wiki 6 ni za maji. Hapa andikeni kwa kirefu kidogo, kwa sababu msomaji wa Ujerumani anayefungua bomba hawezi kulikisia jambo hili. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito wala vijito vya kuchota. Mvua inanyonywa na udongo wa mchanga, na maji ya bomba yanasukumwa kwa pampu kutoka vyanzo vya chini. Kiangazi kikikolea, Septemba na Oktoba, mgao huwa mwembamba na maji ya kununua kwa madumu au kwa boza hupanda bei. Plasta inahitaji maji ya kuchanganyia, kisha inahitaji kumwagiliwa kwa siku saba hivi ili isipasuke. Fundi anaweza kuipiga bila kuimwagilia, na ukuta utapendeza kwa picha. Baada ya muda mfupi utaona nyufa nyembamba kama utando, na ukiugonga kwa kidole unasikia uwazi ndani. Kamati ilisimamisha plasta badala ya kuiharibu. Hilo ni jambo la kuliandika bila aibu.

Wiki 6 nyingine ni za kamati yenyewe. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba ni msimu wa korosho. Wajumbe wako mashambani na kwenye minada ya vyama vya msingi, na vikao viwili mfululizo havikutimiza akidi, kwa hiyo nukuu za milango hazikupitishwa. Wajumbe wengi watataka hili liachwe. Mzee mmoja wa kanisa atasema, "Baba Mchungaji, tukiandika hivi si tunajianika?" Jibu ni kwamba muhtasari wa vikao utaambatishwa, na pengo la tarehe litajisemea. Afadhali taarifa iliseme, na mara moja iseme kilichobadilika: kamati imewapa mwenyekiti, mweka hazina na fundi mkuu mamlaka ya kupitisha manunuzi yaliyomo kwenye bajeti mpaka kiasi fulani bila kusubiri kikao kizima.

Wiki 3 zilizobaki ni za kupima upya na kupaua baraza.

Ukishagawa hivyo, tarehe mpya inajengwa juu ya sababu, wala si juu ya matumaini. Kwa nini katikati ya Machi iaminike? Kwa sababu mifereji na tenki vilifungwa mara tu baada ya bati, mvua zimeshaanza, na paa la zahanati sasa linavuna maji ya plasta ya nje na ya sakafu. Kama tenki lilikuwa limepangwa mwishoni mwa ratiba, kama ilivyo kwenye bajeti nyingi, kulisogeza mbele ni badiliko dogo lenye faida kubwa huku juu. Mvua nazo huendelea mpaka Aprili, kwa hiyo waambieni pia kwamba plasta ya nje itafanyika kwa vipande, kati ya mvua na mvua, na kwamba ndiyo kazi iliyo hatarini zaidi kwenye ratiba hii.

Yuro, shilingi, na fedha ambayo watu huisahau

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha taarifa ya kweli na taarifa ya nusu kweli, na ni wachache wanaoigusa.

Fedha zilikuja kwa awamu mbili. Yuro 9,000 za kwanza zilibadilishwa kwa 2,610, zikawa shilingi 23,490,000. Yuro 6,000 za pili zilibadilishwa kwa 2,780, zikawa 16,680,000. Jumla ni 40,170,000, wakati bajeti ilikuwa 39,000,000. Shilingi ilipodhoofika, bati na vifaa vya umeme vilipanda bei, lakini pia yuro zilezile zilizaa shilingi 1,170,000 zaidi. Ukiondoa makato ya benki ya shilingi 210,000, zimebaki 960,000 ambazo hazikuwemo kwenye mpango.

Kamati inayolalamikia bei na kuinyamazia faida hiyo inaomba fedha ambazo tayari inazo. Mfadhili anajua tarehe alizotuma na anajua yuro ilikuwa shilingi ngapi siku hizo. Hesabu hiyo anaifanya kabla hajamaliza kikombe cha kahawa. Wekeni kiasi cha yuro, kiwango cha kila awamu na karatasi ya benki ya kila awamu. Na kama fedha zilipitia akaunti ya dayosisi, onyesheni siku zilipoingia huko na siku zilipofika kwenu.

Hesabu ya kumalizia

Sasa pigeni bei upya. Kazi zilizobaki zilikuwa na thamani ya shilingi 13,800,000 kwenye bajeti. Chukueni nukuu mpya, za mwezi huu, kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili kwa kila kasma kubwa. Msichukue namba ya zamani mkaiongeza asilimia fulani kwa kukisia. Kwa mfano wetu nukuu mpya zinatoa 15,860,000.

| Maelezo | Shilingi |
|---|---|
| Zilizopokelewa | 40,170,000 |
| Makato ya benki | 210,000 |
| Zilizotumika | 27,400,000 |
| Salio benki | 12,560,000 |
| Gharama ya kumalizia | 15,860,000 |
| Upungufu | 3,300,000 |

Salio hilo lazima lilingane na taarifa ya benki ya siku hiyohiyo, shilingi kwa shilingi. Kama kuna fedha taslimu mkononi mwa mweka hazina, iwe na mstari wake.

Msimpelekee mfadhili upungufu wote kama ulivyo. Mpelekeeni pendekezo. Kwa mfano wetu, usharika utachangia 1,300,000. Vigae vya ofisi na stoo vitaachwa na badala yake iwekwe sakafu ya saruji laini, hapo inaokolewa 800,000. Zinazobaki 1,200,000 ndizo zinazoombwa. Kwenye mchango wa usharika tofautisheni fedha na ahadi. Ahadi za waumini baada ya mauzo ya korosho ni ahadi mpaka zifike benki: andikeni "700,000 zimepokelewa, 600,000 zimeahidiwa." Na kwenye kupunguza, msiguse chumba cha kujifungulia wala cha vidonda, sakafu na kuta za huko lazima zioshike, na wakaguzi watazitazama kabla ya usajili.

Mchanga, mawe na siku za kazi walizotoa waumini viwe kwenye jedwali la peke yake, kwa bei ya kijijini. Visichanganywe na fedha za mfadhili ili kuziba pengo.

Stakabadhi za kijijini

Dukani Mtwara au Masasi daini risiti ya EFD. Mwenye trekta la mchanga hana, na hakuna sababu ya kumtafutia ya mtu mwingine. Andikeni hati ya malipo: jina lake, simu, tripu ngapi, bei ya tripu, sahihi yake au dole gumba, na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi. Kwenye taarifa semeni kwamba malipo ya kiasi fulani yana hati za namna hii na kwa nini. Risiti iliyotengenezwa ili kujaza pengo huangusha hata zile halali zilizo pembeni yake.

Jengo kwisha si zahanati kufunguka

Msomaji wa mbali akisoma "tutamaliza Machi" anaona foleni ya wagonjwa Aprili. Wapeni tarehe tatu mbalimbali: ya kumaliza jengo, ya kutarajia ukaguzi na usajili, na ya kuanza huduma. Mbili za mwisho haziko mikononi mwenu peke yenu, kwa hiyo badala ya tarehe kamili andikeni mlichokwisha kufanya: barua kwa Mganga Mkuu wa halmashauri imepelekwa lini, na mazungumzo ya kumpata tabibu na muuguzi mkunga yamefika wapi. Kama mishahara yao haijajulikana itatoka wapi, hilo ni la kusemwa sasa, kabla rangi haijakauka.

Kupanga na kutuma

Kurasa nne zinatosha, bila viambatisho. Aya ya kwanza ibebe habari nzito yote: "Jengo limefikia asilimia 65 ya kazi. Litakamilika katikati ya Machi, wiki 20 baada ya tarehe ya mkataba. Tunapungukiwa shilingi 3,300,000, nasi tunapendekeza njia ya kuziba, ambamo tunawaomba 1,200,000." Salamu za wapendwa na shukrani zikae kwenye barua ya juu, ambayo mchungaji ataiandika kwa moyo wake, taarifa yenyewe ianze na jengo. Baada ya aya hiyo ije hali ya kazi, kisha kuchelewa, kisha fedha, kisha pendekezo.

Picha sita zinatosha, kila moja na tarehe, zikipigwa kutoka mahali palepale zilipopigwa za taarifa iliyopita. Wekeni na ya plasta iliyosimama nusu ukuta. Kina mama wajawazito wa kijijini msiwapange mbele ya jengo ambalo bado halijawahudumia.

Taarifa isomwe kwa Kiswahili kwenye kikao, ipitishwe, isainiwe na mwenyekiti, mweka hazina na fundi mkuu, ndipo itafsiriwe. Mtafsiri apewe sharti moja: asilainishe. Kumbukumbu za kikao kilichoipitisha zibaki faili moja na nakala.

Jibu likija, liwe kwa maandishi. Mfadhili akisema kwa simu "sawa, endeleeni", mshukuruni, kisha siku hiyohiyo mtumieni barua pepe inayorudia kiasi, kasma na tarehe mlivyovielewa, na mumwombe athibitishe. Mpaka uthibitisho huo ufike, nunueni tu kile ambacho salio la benki linakifikia: plasta ya nje, sakafu na milango kwanza, kisha vigae vya chumba cha kujifungulia na cha vidonda. Rangi na dari zisubiri.